Tunatumia simu moja, wamefunga akaunti yangu na ya mke wangu!

Wakuu, nina hasira. Mwaka wa 3 huu nabeti kwenye kampuni moja. Juzi mke wangu akajisajili kwa namba yake na kitambulisho chake. Kioo cha simu yake kimekufa, akatumia yangu: nikatoka kwenye akaunti yangu, akaingia kwenye yake. Akaweka hela, akapewa bonasi ya kukaribishwa, mkeka wa mechi 4 ukatiki. Alipoomba kutoa hela, ikaandika "inahakikiwa". Siku 2 baadaye akaunti zote mbili zimefungwa na ushindi umefutwa. Wakati wa kupokea hela mbona hawakuuliza simu ni ya nani? Huu ni wizi!

Mhakiki Mstaafu: Pole mkuu. Nimefanya kazi hiyo ya kuhakiki akaunti. Bonasi ndiyo inayowasumbua. Mtu mmoja hufungua akaunti 10 kwa vitambulisho vya ndugu, akabeti pande zote za mechi moja, na hapo hakosi kushinda. Wengine walijifungia wenyewe kwa sababu ya uraibu, wakarudi kwa jina la mke. Na kutoka kwenye akaunti hakukusaidii, programu inaitambua simu yenyewe. Hela aliyoweka ilitoka namba ya nani?

Mwenye uzi: Yangu. Yake haikuwa na salio. Kumsaidia mke ni kosa?

Mhakiki Mstaafu: Hapo ndipo mliponaswa. Simu ya pamoja pekee mara nyingi huleta maswali tu. Simu moja, mlipaji mmoja na bonasi juu yake, mfumo unaona mtu mmoja. Na ukaguzi unaofanywa na mtu, si mfumo, kwa kawaida hufanyika wakati wa kutoa hela, ndiyo maana inaonekana wanavizia washindi.

Mkeka Mrefu: Ni IP tu hiyo. Zima waifai, tumia bando, hawakuoni.

Mhakiki Mstaafu: IP inahesabika, lakini ni ushahidi dhaifu, mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja. Simu ile ile hata kwa bando inajulikana.

Dada K: Mimi nimekosea nywila mara 5 wamenifungia, nami ni udanganyifu?

Mhakiki Mstaafu: Hapana dada, hiyo ni kufuli ya usalama, badilisha nywila. Mwenye uzi, kila mmoja atume kitambulisho na picha yake amekishika, na mkeo athibitishe namba imesajiliwa kwa jina lake. Daini kwa maandishi kifungu walichotumia. Wakikaa kimya, peleka kwa mamlaka iliyowapa leseni. Msifungue akaunti ya tatu, mtaharibu kesi.

Mwenye uzi: Nimesoma masharti: bonasi moja kwa mtu, kaya au kifaa. Kaya! Sawa, bonasi na ushindi wake wachukue. Lakini hela aliyoweka mke wangu, na salio langu ambalo halijawahi kugusa bonasi yake, wanavishikilia kwa kifungu gani? Nimewaandikia leo, hawajajibu.