Sizoni pasi, DLC na ekspansheni: unalipia kitu au unalipia ahadi?

Kijana wa Sinza:
Wakuu naomba kueleweshwa. Nataka kununua gemu ya mapigano ya Tekken 8, naona kuna ya kawaida na kuna yenye sizoni pasi, halafu mshkaji ananiambia achana na hayo we subiri ekspansheni. Kwani hivi vitu vinauza nini hasa? Na je ni haki kuuziwa sizoni pasi au ni wizi?

Mkali wa Temeke:
Wizi mtupu mdogo wangu. Gemu wanaitengeneza yote wanaimaliza, halafu wanakata vipande wanakuuzia upya. Si maneno ya mtaani haya, Street Fighter X Tekken ya 2012 watu walikuta wapiganaji 12 wamo humohumo kwenye diski waliyonunua ila wamefungiwa, unatakiwa ulipe tena ndo wafunguliwe. Na hiyo Tekken 8 ni yaleyale, mimi sijamnunua mpiganaji wao Heihachi lakini nikiingia onlaini napigana naye kama kawaida, sasa kama hayumo kwenye mashine yangu anatokea wapi?

Dada Pedi:
Kaka hapo kwenye 2012 uko sawa kabisa na watu walikasirika kihalali, ila kwa Heihachi umechanganya. Yule anaingia kwenye mashine yako kwa apdeti, na apdeti inashushwa na kila mtu, aliyenunua na asiyenunua, maana bila hivyo wewe usingeweza kukutana na mtu anayemtumia. Kwa hiyo bando tunalipa wote sawa, anayetoa hela anauziwa ufunguo tu wa kumchagua. Kwamba yumo kwenye mashine yako leo haithibitishi kwamba alikuwa tayari siku gemu inatoka.

Sasa nirudi kwa mdogo wetu. DLC ya kawaida ni kitu kipo tayari, unakiona, unalipa unashusha. Mpiganaji mmoja, nguo, uwanja. Ukikitaka unachukua, usipokitaka unapita. Ekspansheni nayo ipo tayari ila ni kubwa, ina hadithi yake, ramani yake, maadui wake, na mara nyingi inadai uwe umefika mbali kwenye gemu yenyewe. Shadow of the Erdtree ya Elden Ring ilitoka Juni 2024 kwa dola 40, lakini hata ukilipa huingii mpaka uwe umewapiga mabosi wawili wa gemu yenyewe, Radahn na Mohg, na kuna watu wamelipa wakakwama hapo. Hiyo hela inauza saa za kucheza kwa mtu aliyeimaliza gemu na bado ana njaa nayo. Tekken haina kitu cha namna hiyo, kwa hiyo mshkaji wako anakusubirisha kitu ambacho hakijatangazwa.

Sizoni pasi ni tofauti kwa sababu siku unayolipa vitu vyenyewe havijatoka. Chukua hiyohiyo Tekken 8. Gemu imetoka Januari 2024, pasi ya mwaka wa kwanza ilikuwa na wapiganaji wanne, Eddy akaja Aprili, Lidia Julai, Heihachi vuli, Clive Desemba. Aliyelipa siku ya kwanza alikaa karibu mwaka mzima kupata vyote. Halafu Oktoba Heihachi alipotoka ukatoka na uwanja mpya, Genmaji Temple, watu wenye pasi wakaenda kuuchagua wakakuta wanadaiwa hela nyingine. Kelele zikawa kubwa sana. Lakini ukiisoma ile pasi inaitwa Playable Character Year 1 Pass, wapiganaji wa kuchezea basi, uwanja haukuahidiwa popote. Watu walilipia neno pasi wakidhani ni kila kitu cha mwaka ule. Hapo ndo mbuzi kwenye gunia anapouzwa, na mimi hilo naliona baya hata kama kisheria wako salama.

Mnyama wa PUBG:
Mbona mi nanunua Royale Pass ya PUBG na sijawahi kuibiwa? Ukicheza misheni vizuri UC, hela za ndani ya gemu, zinarudi unanunua nyingine nazo. Hizo pasi zina faida sana nyie hamjui kuzicheza tu.

Dada Pedi:
Hiyo ni nyingine mkuu. Royale Pass inakupa nafasi ya kujitafutia zawadi ndani ya muda, muda ukiisha usichofungua umekikosa. Hii tunayoongelea huchezei misheni yoyote, kikitoka ni chako, hata ukilala miezi sita utakikuta.

Baba Gemu Tandika:
Mimi nina kibanda na nilinunua DLC ya wapiganaji kwa ajili ya wateja, hela ikakatwa, kwenye akaunti inaonyesha nimenunua, ndani ya gemu hakuna kitu. Nimefuta nimeweka upya, nimeshusha apdeti, wapi. Wateja wananiona muongo. Hivi nimeuziwa nini mimi?

Dada Pedi:
Pole sana baba. Diski umenunua wapi na akaunti ya nchi gani?

Baba Gemu Tandika:
Diski Kariakoo, mzigo wa Dubai. Akaunti kijana alinifungulia ya Marekani kwa sababu kadi za kujaza za Marekani zinapatikana kirahisi.

Dada Pedi:
Basi ni hilohilo. Angalia kava la diski, kama pembeni umri umeandikwa kwa namba, 16 au 18, hiyo ni ya upande wa Ulaya, ya Marekani ina herufi kama T au M. Na ubavuni kuna kodi inaanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5. Ule ufunguo unaununua kwenye duka la Marekani unafungua gemu ya Marekani tu, ya Ulaya ina kodi nyingine hata kama jina ni lilelile. Tafuta diski ya Marekani uiweke, ulichonunua kitatokea, au fungua akaunti ya Uingereza ununue huko upya. Na hapa ndo sizoni pasi inauma zaidi, DLC moja ukikosea umepoteza ya mmoja, pasi ukikosea umekosea wote kwa mpigo.

Mzee wa Masaki:
Dada umeeleza vizuri ila kwenye kulipia kisichotoka nakupinga. The Witcher 3 ya 2015 waliuza pasi ya ekspansheni kwa dola 25 kabla hata gemu yenyewe haijatoka, lakini walisema wazi ni mbili, moja ya saa kama 10, nyingine kama 20. Hearts of Stone ikaja Oktoba mwaka uleule kwa dola 10, Blood and Wine Mei 2016 kwa dola 20. Aliyetangulia kulipa akaokoa dola 5 na kila alichoahidiwa alikipata, tena vile vidogo vidogo 16, nguo za farasi na misheni fupifupi, waligawa bure kwa wote. Tatizo liko kwenye kutosema ndani kuna nini, kulipa mapema peke yake sioni ubaya.

Dada Pedi:
Dola 5 kwa kusubiri mwaka mzima mzee? Mimi nangoja kitoke, nisome watu wanasemaje, ndo nilipe, na baada ya muda bei huwa inashuka. Hao wa Witcher walitimiza, sikatai, ila aliyelipa 2015 alikuwa hajui kama watatimiza.

Mkali wa Temeke:
Bado nasema mpiganaji ni sehemu ya gemu. Zamani ulikuwa unawafungua kwa kucheza, hulipi senti.

Baba Gemu Tandika:
Dada nimeangalia kava, ni 16 kweli. Ila hiyo ya kungoja bei ishuke kwangu haiwezekani. Mpiganaji akitoka leo, jioni vijana wanakuja kumuulizia, nikikosa wanaenda kibanda cha ng'ambo ya barabara. Mimi pasi nitanunua tu, ya nchi sahihi safari hii.

Kijana wa Sinza:
Nashukuruni sana. Mi nacheza nyumbani na mdogo wangu, yeye shida yake Eddy tu. Nachukua ya kawaida halafu nanunua Eddy peke yake. Sasa naulizia diski yenye herufi T, nani anajua inapopatikana?