Jumuiya ya Rau: tiketi za tamasha la vijana

Katibu Vijana 18:04
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kwaya ya Vijana inawakaribisha kwenye tamasha la kuchangia kinanda, Jumapili tarehe 23, saa 8 mchana, ukumbi wa usharika. Tiketi ni 5,000 mtu mzima. Watoto chini ya miaka 10 ni 1,000, watakaa kwenye mikeka mbele. Kwaya mbili za wageni zitakuwepo.
Kionjo: nyimbo 9. Mmoja ulizaliwa barabara hii hii ya kwenda Arusha na sasa unaimbwa Ulaya. Anayeujua aseme 😄

Mama Neema 18:09
Amen. 5,000 kwa familia nzima au?

Katibu Vijana 18:10
Kwa kichwa mama 🙏

Mama Neema 18:12
Mmh. Mimi na baba yao na dada wa kazi tayari 15,000, hapo sijahesabu watoto. Wekeni 3,000 watu wajae.

Baba Eliya 18:15
Na kanisani tunauziana tiketi tangu lini? Pitisheni kapu.

Mhazini wa Kwaya 18:26
Shikamoo Baba Eliya. Kapu lipo pia, ila spika za kukodi hazisubiri kapu. Spika na mikrofoni 250,000, mafuta ya jenereta 60,000, kuchapa tiketi 40,000, chakula cha wageni 100,000. Jumla 450,000. Kwa bei ya 5,000, tiketi 90 za kwanza zinaishia hapo, kinanda hakijapata hata shilingi.
Viti ni 250. Vikijaa vyote, 160 zinazobaki zinatupa 800,000. Kinanda tunachokitaka ni 1,400,000 na mkononi tuna 550,000. Tunabaki na upungufu wa 50,000, ndipo watoto na kapu lako baba vinapoingia.
Mama Neema, tukiuza 3,000 gharama zinameza tiketi 150, zinazobaki 100 zinaleta 300,000 tu. Ukumbi utajaa na kinanda hatutanunua.

Baba Eliya 18:31
Marahaba. Hesabu nimeiona. Umeme ukikatika je, maana juzi Pasua nzima ilikuwa giza.

Mhazini wa Kwaya 18:32
Jenereta ndiyo hiyo ya 60,000.

Frenki wa Kiborloni 18:40
Wimbo ni Mfurahini Haleluya! Ila huo ni wa Wajerumani, wamisionari waliutafsiri. Na ni wa Pasaka, mnauimba sasa hivi wa nini?

Mwalimu wa Kwaya 18:52
Wimbo umeupata, Pasaka pia umeipata, huko kwingine ni kinyume chake mangi. Maneno ni ya Bernard Kyamanywa, aliyaandika 1966 akiwa mwanafunzi wa uchungaji Makumira, hapo Usa River. Sauti ni ya Kihaya. Kijerumani na Kiingereza ndivyo vilivyotafsiriwa kutoka Kiswahili chetu.

Frenki wa Kiborloni 18:54
Eeh! Mimi miaka yote najua umetoka kwao 😅

Mwalimu wa Kwaya 19:01
Ndiyo maana tumeuweka, Pasaka au siyo Pasaka. Tunauimba bila kinanda, ngoma na kayamba tu. Mmoja anaongoza, wengine wanajibu. Kazi ni mwendo: ukienda mbio maneno yanamezwa, ukiuvuta unakuwa wa msibani. Mazoezi ya kwanza tulianzia G, sauti ya kwanza wakawa wanapiga kelele badala ya kuimba. Tumeshusha hadi F na sasa besi ndio wananung'unika kwamba wanagusa sakafu. Tutaona Alhamisi.

Bibi Eliya 19:08
Mimi nataka Njoo Kwetu Roho Mwema. Upo?

Mwalimu wa Kwaya 19:10
Shikamoo bibi. Wa Niwagila huo, upo, tena wa tatu. Zingine sisemi.

Mama Neema 19:15
Sawa nimeelewa bei. Nimtumie mhazini kwenye simu halafu nije na ile meseji mlangoni?

Mhazini wa Kwaya 19:22
Hapana mama, meseji moja inaweza kutumwa kwa watu kumi. Ukilipa, mwanakwaya anakuletea tiketi yenye namba na muhuri, na namba hiyo hiyo inabaki kwenye kipande cha kitabu. Mwaka juzi tuliuza zisizo na namba, mpaka leo hakuna anayejua ziliuzwa ngapi. Safari hii kila mwanakwaya ana tiketi 10. Asiporudisha zilizobaki Jumamosi jioni, tunahesabu kauza na anazilipia.

Frenki wa Kiborloni 19:24
Ndiyo maana binamu yangu ananipigia simu tangu asubuhi 😂

Bibi Eliya 19:30
Marahaba mwalimu. Na mimi wa miaka 78 nakaa mkekani na watoto kwa 1,000?

Katibu Vijana 19:31
😂😂 Bibi, hilo linaenda kwenye kikao.

Baba Eliya 19:33
Niwekeeni 4. Ya bibi nalipa mimi, asiwasumbue.