Naomba ushauri: maelezo ya tangazo la spea za pikipiki

Habari zenu wakuu. Nina duka la spea za pikipiki na nimekwama kwenye maneno ya kuweka chini ya picha ya seti ya cheni na spoketi. Kwa sasa nimeandika hivi:

"Seti ya Boxer BM 150: cheni, spoketi ya mbele na ya nyuma. Sh 35,000. Kufunga hapa dukani sh 3,000."

Wenye TVS HLX bado wanauliza kama inaingia, kwa sababu wanaona cheni imeandikwa 428 kama ya kwao. Namba hiyo ni ya ukubwa wa pingili tu. Urefu wa cheni, meno na nafasi za boliti kwenye spoketi ya nyuma vinaweza kutofautiana, na mtu wa mkoani akitumiwa isiyoingia, nauli ya kurudisha inamuumiza. Nilijaribu kuorodhesha modeli zote na bei zake chini ya picha moja, watu wakachanganya bei.

Naombeni mnisaidie: kila modeli niipe picha na bei yake? Na gharama ya kufunga niijumlishe kwenye bei au ibaki pembeni, maana wengi wana mafundi wao?