Gumzo la Familia: Kiatu cha Shule cha Nasra

Mama Nasra: Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Kesho nashuka Kariakoo kumnunulia Nasra kiatu cha shule, anaingia darasa la pili. Alichonacho ni namba 31, tangu Septemba vidole vinagonga mbele. Sasa nichukue ngapi? Siendi naye, atabaki kwa bibi yake.

Baba Kelvin: Shemeji, beba 35 umalize kazi. Mbele unajaza pamba, akikua unaipunguza. Miaka miwili huna habari ya viatu.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Sisi tulikuwa tunabonyeza kiatu kwa kidole gumba pale mbele ya vidole vya mtoto. Gumba likiingia, kiatu kinamfaa.

Mama Nasra: Shangazi, nitabonyeza nini na mtoto hayupo 😂

Mjomba Kombo: Marahaba. Baba Kelvin, viatu vya kujazwa pamba ndivyo vinavyojaa hapa kibandani kwangu kushonwa. Kila kiatu kina mahali pake pa kukunjika, na panatakiwa pakutane na pale mguu unapokunjika, kwenye mzizi wa vidole. Ukimpa mtoto kiatu kirefu, mguu unakunjika nyuma ya pale, soli inabishana nao, mwisho mbele panaachia. Kisigino nacho kinapanda na kushuka kila hatua, mtoto anapata malengelenge na bitana ya nyuma inatoboka. Hiyo miaka miwili haifiki.

Baba Kelvin: Mbona Kelvin amevaa hivyo hivyo na hakulalamika?

Mjomba Kombo: Watoto wengi hawalalamiki, shemeji. Wanakaza vidole ili kiatu kisitoke. Ndiyo maana hata gumba la Shangazi linadanganya kidogo: ukimbonyeza, mtoto anarudisha vidole nyuma, unaona nafasi ambayo haipo. Na kiatu cha shule mbele ni kigumu, gumba halisikii kitu.

Shangazi Rehema: Haya fundi, tuambie basi.

Mjomba Kombo: Mama Nasra, mpime usiku huu huu, maana jioni mguu umejaa kuliko asubuhi. Avae soksi za shule, asimame wima juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta. Usimpime amekaa, mguu ukibeba uzito unarefuka. Weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, penseli isimame wima, usiilaze. Kwa wengine kidole kirefu ni cha pili, si gumba. Pima miguu yote miwili kisha ulete namba hapa.

Mama Nasra: Kushoto 20.3, kulia 20.6. Nimerudia mara mbili, alikuwa anacheka.

Mjomba Kombo: Tunafuata mkubwa, 20.6. Ongeza sentimita 1.2 ya nafasi mbele, inakuwa 21.8. Huo ndio urefu wa chini kabisa wa ndani ya kiatu. Namba hizi za 31, 32, 33 kila moja ni theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo unazidisha mara moja na nusu: 21.8 mara 1.5 ni 32.7. Tafuta 33. Hiyo ndani inatakiwa iwe sentimita 22, mbele ya kidole zinabaki milimita 14. Mtoto wa miaka saba mguu wake unaongezeka kama milimita moja kwa mwezi, au pungufu kidogo. Zikibaki milimita tano tu, muda wake umekwisha. Kwa hiyo hapo una miezi tisa, pengine kumi. Ile 35 ya Baba Kelvin ingeacha karibu sentimita 2.7, hicho si kiatu, ni mtumbwi.

Baba Kelvin: 😅 Sawa, nimesikia.

Salma (Nairobi): Mbona huku dukani mtoto wa umri huo anaambiwa namba 1? Namba 1 si ya kichanga?

Mjomba Kombo: Hiyo ni hesabu ya Kiingereza, Salma. Inapanda hadi 13, halafu inaanza upya na 1. Hiyo 1 ya pili ni karibu sawa na 33. Mama Nasra, ukikuta kiatu kina namba hizo, usichanganyikiwe.

Salma (Nairobi): Na huyu wangu ana unyayo bapa, anunuliwe soli yenye kilima katikati?

Mjomba Kombo: Hilo si la fundi viatu, mwanangu. Akilalamika maumivu, mpeleke kwa daktari wa mifupa.

Mama Nasra: Mjomba, basi niombe 33 tu nirudi?

Mjomba Kombo: Hapana, namba iliyoandikwa ni ahadi ya kiwanda tu, 33 mbili zinaweza kupishana. Kata ukanda wa boksi gumu, upana wa kidole, urefu 21.8 kamili, ncha moja uikate mviringo. Dukani usukume hadi uguse mbele kabisa, kisha ulaze nyuma. Ukilala bila kujikunja, kiatu kinamtosha kwa urefu. Kwa upana, chora mguu wake mzima kwenye karatasi na uukate. Vuta soli ya ndani ya kiatu, weka karatasi juu yake. Karatasi ikimwagika pembeni, acha.

Shangazi Rehema: Na ugumu wake? Vya siku hizi ni vya wiki mbili.

Mjomba Kombo: Ukishavuta hiyo soli ya ndani, chungulia pembeni kama kuna uzi unaozunguka. Soli nyingi zina mshono wa kuchorwa kwenye raba, nje unauona, ndani hakuna kitu, ni gundi peke yake. Halafu angalia ukingo uliokatwa pale mdomoni. Ngozi ina nyuzinyuzi kama za nyama kavu, plastiki utaona kitambaa chini na utando mwembamba juu. Ya plastiki itachanika pale pa kukunjika hata uipake dawa kila siku. Bonyeza na nyuma ya kisigino, isilale kama kandambili.

Baba Kelvin: Kamba au za kunata?

Mjomba Kombo: Kamba zinabana mguu vizuri zaidi.

Shangazi Rehema: Mtoto wa darasa la pili na kamba! Zitaburuzwa mpaka getini.

Mjomba Kombo: Basi za kunata, Shangazi, mradi si za kuchomeka tu. Ya kuchomeka lazima ibane ndipo isitoke.

*Siku ya pili*

Mama Nasra: Niko dukani. 33 ya kwanza ukanda umejikunja. Ya pili umelala sawa, karatasi imekaa, ni ngozi, ila ndani hakuna uzi. Muuzaji ana iliyoshonwa, lakini ni 34.

Mjomba Kombo: Hiyo 34 itaacha kama sentimita mbili. Ina kamba?

Mama Nasra: Haina, ni ya kuchomeka.

Mjomba Kombo: Iache. Ile 33 ya gundi nipigie picha ya soli kwa pembeni, nione kimo cha ukuta wa raba.

Mama Nasra: 📷

Mjomba Kombo: Ukuta unatosha, sindano itashika. Ichukue uilete nishone kuzunguka kabla hajaivaa hata siku moja. Vumbi likishaingia kwenye mwanya, gundi haishiki tena.

Baba Kelvin: Mjomba, na ile 35 ya Kelvin iliyobaki kabatini tangu zamani?

Mjomba Kombo: Ikunje soli kwa mkono kwanza. Soli zile laini nyepesi zikikaa kwenye joto na unyevu zinaoza zenyewe. Ikimeguka kama keki, hata mimi siiwezi.

Baba Kelvin: Imemeguka 🤦🏾