Damu 7.6: nakula, nalala, lakini mlima wa Kadutu unanishinda

Mama_Vitenge (Bukavu)
Jambo ndugu zangu. Nina miaka 34, nauza vitenge soko la Kadutu. Tangu miezi kadhaa nikipanda na mzigo nasimama njiani mara tatu, moyo unapiga mpaka masikioni, miguu inawaka. Kituo cha afya wamepima damu: hemoglobini 7.6. Munganga amesema damu imepunguka, akanipa vidonge vya chuma, nikatoka bila kuelewa. Chakula nakula, usingizi napata. Nguvu inaenda wapi? Shemeji yangu anasema niongezwe damu haraka. Mnishauri.

Papa_Biteravi
Dada, kunywa maji ya biteravi na lengalenga kila asubuhi. Ndiyo yaliyomwinua mke wangu baada ya kuzaa. Vidonge vinachoma tumbo bure.

Mwana_Labo (Bukavu)
Mama, nafanya kazi maabara, nikueleze taratibu. Chakula peke yake hakileti nguvu. Msuli unahitaji kukiunguza, na hauwezi kukiunguza vizuri bila oksijeni. Inayobeba oksijeni kutoka mapafuni ni hemoglobini, ile inayotia damu wekundu. Kwa mwanamke asiye na mimba tunataka angalau 12, na huku kwetu juu milimani hata zaidi kidogo, kwa sababu hewa ni nyepesi. Wewe una 7.6. Damu yako haijapungua wingi mishipani, ila kila mzunguko unabeba chini ya theluthi mbili ya mzigo wake. Ni sawa na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, zikipunguka barabarani: mbao zilezile zitafika tu kama zile zilizobaki zinakwenda mbio zaidi.

Ukikaa kwenye meza yako ya vitenge, moyo unaharakisha kidogo na kazi inaenda. Ukianza mlima, hauna tena akiba ya kuongeza. Hapo misuli inaunguza sukari bila oksijeni, inapata nguvu kidogo sana, na miguu inawaka. Kwa hiyo hata ukila mara mbili zaidi, mlima utakushinda vilevile.

Kuongezwa damu kuna hatari zake. Kwa mtu mwenye 7.6 anayetembea mwenyewe na anayepumua vizuri akikaa, kwa kawaida vidonge vinatosha. Lakini ukianza kuhema ukiwa umelala, ukizimia, ukiumwa kifua au miguu ikivimba, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mama_Vitenge
Asante, sasa nimeelewa habari ya mlima. Vidonge nilimeza wiki mbili, choo kikawa cheusi, nikaogopa, nikaacha. Nilikuwa nameza na chai ya asubuhi.

Mwana_Labo
Choo cheusi ni chuma kilichobaki, usiogope, ila kikiwa laini kama lami na kunuka vibaya, rudi kituo cha afya. Chai ndiyo shida: inakishika chuma tumboni kisipite. Meza kidonge kwa maji au maji ya machungwa, chai ingoje saa moja au mbili. Tumbo likiuma, meza pamoja na chakula kidogo, ni bora kuliko kuacha. Papa_Biteravi, lengalenga ina chuma kweli, lakini mwili unachukua sehemu ndogo tu. Sambaza na maini vinasaidia zaidi. Biteravi ni nyekundu kwa rangi yake yenyewe. Kwa 7.6 chakula peke yake kitachelewa mno.

Rudi upime baada ya wiki nne. Inatakiwa iwe imepanda gramu 1 au 2. Ikifika kawaida, endelea miezi mitatu mingine, maana akiba ya mwili inajaa mwisho. Wengi wanaacha siku wanayojisikia vizuri, na baada ya mwaka tunawaona tena kwenye kiti cha labo.

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Mtoto wangu ana SS, ule ugonjwa wa selimundu, damu yake inashuka kila mara. Na mimi nimpe vidonge hivyo?

Mwana_Labo
Hapana mama, usimpe bila kuulizia. Kwa SS chembe za damu zinavunjika upesi, na chuma chake kinabaki mwilini. Aliyeongezwa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kupita kiasi. Mwulize daktari anayemfuata.

Nesi_wa_Goma
Mama_Vitenge, hakuna aliyekuuliza: damu inapotelea wapi? Siku zako za mwezi zikoje? Unakula udongo?

Mama_Vitenge
Siku saba, nane, nabadilisha kitambaa kila saa mbili, na kuna mabonge. Nilidhani ndiyo hali ya wanawake wa kwetu. Na udongo, ndiyo, ule wa sokoni, tangu mwaka jana.

Nesi_wa_Goma
Basi vidonge vitajaza ndoo inayovuja. Omba ekografia waone kama kuna uvimbe kizazini, na wapime minyoo pia. Hamu ya udongo mara nyingi inatoka kwa ukosefu wa chuma wenyewe, na udongo nao unazuia chuma kupita, usiumeze siku moja na vidonge.

Mama_Vitenge
Ekografia ni pesa, nitaongea na mume wangu. Je, nikianza vidonge leo, nikapime ekografia kwanza au nisubiri zile wiki nne?

Nesi_wa_Goma
Vidonge leo. Ekografia mara pesa ikipatikana, usingoje wiki nne ziishe.