Mjane abaki na nyumba au mali irudi kwa ukoo?

Mama Pendo: Dada yangu amefiwa na mume, ana watoto wawili. Mashemeji wamebeba makochi, friji na karatasi za gari, sasa wanadai ufunguo wa nyumba. Hapa Kenya sheria inamlinda kweli?

Mzee wa Boma: Poleni. Lakini nyumba aliijenga ndugu yao. Wanawake wa siku hizi matanga hayajaisha washakimbia kortini.

Binti Mkulima: Matanga hayajaisha? Na waliobeba friji walingoja yaishe??

Mzee wa Boma: Mimi sijabeba friji ya mtu, chunga mdomo.

Karani Mstaafu: Tuliacheni friji kidogo. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu yeyote kuchukua au kuuza mali ya marehemu kabla korti haijatoa kibali, hata awe ndugu wa tumbo moja, na adhabu yake inafika mwaka 1 jela. Aandike nini kilibebwa, siku gani na nani alibeba, apige ripoti polisi na achukue namba ya OB. Halafu aombe usimamizi yeye mwenyewe, sheria inamtanguliza mbele ya mashemeji. Mtego uko kwa barua ya chifu, maana wakimtangulia huko wanaandikisha familia bila jina lake, korti inaona karatasi safi tu. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kuna siku 30 za kupinga, kwa hiyo aulize masijala mapema kama kuna faili ya jina la marehemu. Kibali kikishatoka bado anaweza kuomba kifutwe, ila hapo ni kesi ya kuchosha.

Baba Tito: Basi nyumba ni yake, auze ahamie mbali na hao watu.

Karani Mstaafu: Hapana Baba Tito. Vyombo vya nyumbani ndivyo vyake kabisa. Nyumba ana haki ya kuitumia maisha yake, baadaye ni ya watoto, na kuuza lazima korti ikubali. Labda hati iwe na majina ya wote wawili kwa umiliki wa pamoja, hapo inabaki kwake moja kwa moja.

Salma: Kwetu Waislamu si hivyo, mimi kadhi alinipa thumuni, zingine zikaenda kwa wanangu na mama mkwe. Na vyombo vyangu vilishabebwa, hakuna aliyevirudisha.

Mzee wa Boma: Si mnaona, hata Salma anakubali familia ya mume ina haki.

Salma: Mzee usiniwekee maneno mdomoni! Mama mkwe alipewa fungu lake na kadhi, hakuja na lori usiku.

Mama Pendo: Karani, hawana cheti cha ndoa, alilipiwa mahari tu, na mashemeji wanasema hakuwa mke.

Karani Mstaafu: Ndoa ya kimila inamfanya mke kwenye urithi. Shida ni ushahidi. Nani alikuwepo siku ya mahari, na yuko tayari kusimama kortini?

Mama Pendo: Mjomba wetu. Wengine wote walikuwa upande wao.