Ticha wa twisheni ya jioni Ngamiani kanianika leo, njooni mnisaidie kukasirika

MwanaNgamiani
Wakuu, ndiyo kwanza nimetoka darasani, hata viatu sijavua. Yule ticha wa Kiswahili, mnamjua, simtaji, yule wa chaki sikioni. Leo kanianika mpaka wauza mihogo wa nje wamesikia. Mpaka Pangani wamesikia.

Swali la jaribio: andika katika kauli taarifa. *"Utakuja kesho, siyo?" Mama alimwambia Asha.* Nikaandika: Mama alimhimiza Asha akubali kwamba angekuja siku iliyofuata. Sufuri! Yeye anataka: Mama alimuuliza Asha iwapo angekuja siku iliyofuata.

Nikanyoosha mkono kwa adabu zote. Mwalimu, si inategemea mama aliitamkaje hiyo "siyo"? Akanipandisha akanishusha, akasema: "Wewe mtu wa Tanga, siyo? Kiswahili unakijua, siyo?" Ile ya pili kaiteremsha taratibu kama ndoo kisimani. Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia umenitukana. Akasema: "Nimekuuliza tu."

Kaniuliza! Na sauti kaishusha! Nani anauliza kwa kushusha?

BintiMuheza
Hahaha, "Kiswahili unakijua, siyo." Pole kaka, naisikia hadi huku.

Kichwa_Ngumu
Ticha yuko sahihi. Ukiona alama ya kuuliza, andika "aliuliza", ukiigeuza alama inaondoka, unaweka nukta. Mambo ya sauti ni ya wapiga taarabu.

BintiMuheza
Kichwa_Ngumu, mama yako akikwambia "Utanyamaza?" unamjibu ndiyo au hapana? Nayo ina alama ya kuuliza. Kwenye taarifa hiyo ni "alimwamuru anyamaze".

Kichwa_Ngumu
Hiyo ni tofauti.

BintiMuheza
Tofauti ni sauti.

Kalamu_Nyekundu
Nimesahihisha karatasi hizi miaka mingi. MwanaNgamiani, hoja yako ina uzito, ila jibu lako limezidisha chumvi. Itamke mwenyewe. Ukiipandisha "siyo", mama hana hakika. Asha anaweza kusema "siji" na hakuna atakayeshangaa. Hapo "alimuuliza iwapo" imetulia. Ukiishusha, mama keshaamua jibu, anasubiri "ndiyo" tu. Ukiandika "iwapo" hapo, umempa Asha nafasi ambayo mama hakumpa. Mimi ningeandika "Mama alitaka Asha amthibitishie kwamba angekuja siku iliyofuata". Wewe umeleta "alimhimiza", mama amekuwa mkali ghafla.

Kosa kubwa ni la mtunga swali. Karatasi haina sauti, na "alimwambia" haisemi mama alikuwa na wasiwasi au na hakika. Angeandika "Mama aliuliza kwa wasiwasi", ugomvi huu usingekuwepo. Lakini hata hivyo sufuri ni uonevu: "utakuja" umeigeuza "angekuja", "kesho" ikawa "siku iliyofuata". Katika alama mbili, moja ni yako.

MwanaNgamiani
MNAONA! Sasa mkuu, ile yangu kwenye taarifa inaandikwaje? "Ticha aliuliza iwapo nilikuwa najua Kiswahili"? Si atatoka msafi kabisa?

Kalamu_Nyekundu
Ndiyo, atatoka msafi. Andika "alinikejeli kwamba nilikuwa najua Kiswahili". Kebehi ilikuwa kwenye sauti, sasa itabidi kitenzi kiibebe.

Kichwa_Ngumu
Na ticha akisema hakukejeli? Utamleta nani shahidi?

BintiMuheza
Wauza mihogo.

Mgeni_Bandarini
Samahani nimechelewa. Asha alikuja au hakuja?

Jirani_Chumbageni
Nyie mnalia na "siyo" moja isiyobadilika! Njooni kwenye karatasi ya Kiingereza. Kule kila sentensi ina mkia wake: izinti hi, didinti dhei, kanti yu. Ukikanusha mbele, mkia unageuka. Mimi nilijaza "izinti iti" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho kwa sababu kichwani nasikia "siyo" tu. Nikakosa karibu yote, na ticha akaisomea darasa karatasi yangu huku anaimba.

BintiMuheza
Anaimba?? Hiyo imezidi ya MwanaNgamiani.

MwanaNgamiani
Haijazidi! Mimi kaishusha!

Jirani_Chumbageni
Na mikia yao nayo inapanda na kushuka vilevile, ila darasani kwetu hakuna aliyetufundisha. Tuliambiwa tukariri.

Mgeni_Bandarini
Hiyo twisheni ya Ngamiani mnalipa kwa mwezi au kwa kipindi? Mdogo wangu anatafuta.

MwanaNgamiani
Kwa mwezi. Na hela ya kutoa kopi za majaribio ni nje ya hiyo.

Jirani_Chumbageni
Kopi mnalipia?! Sisi kwetu bure.

BintiMuheza
Bure wapi, anzisheni uzi wa kopi, kuna mmoja Muheza huku anatoza hadi karatasi tupu.